Ukionewa kazini, andika kilichokufika kwa tarehe



Mwaka jana tulipokea ujumbe kutoka kwa dada wa Manundu, pale Korogwe mjini, mwenye kaunta ya fedha katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Alikuwa kashaandika barua ya kumshtaki msimamizi wake na akatutumia tuisome kabla hajaipeleka. Barua ilikuwa nzuri kwa upande wa aliyotendewa. Lakini palipofika mahali pa kueleza kilichomfika yeye, ilikuwa na mstari mmoja tu: "Kwa kweli nimeteseka sana na namuachia Mungu."

Tunasema wazi kwamba mstari ule hautoshi. Kumuachia Mungu hakumzuii mtu kuandika, na "nimeteseka sana" ni maneno ambayo mwajiri anaweza kuyapitia kwa jicho moja akaendelea na chai yake. Kwa idhini ya dada huyo, na kwa kubadilisha yanayoweza kumtambulisha, tunataka kuonyesha jinsi karatasi ile ilivyoandikwa upya. Karatasi hiyo tunaiita maelezo ya athari. Inaambatana na barua ya malalamiko lakini si barua yenyewe. Barua inasema yeye alifanya nini. Maelezo ya athari yanasema wewe ulikuwaje kabla, ukawaje baada, na katika mambo gani.

Kwanza tuondoe hofu moja ambayo dada wengi wanayo, nayo ni ya kusengenya. Wengine wanaona kuandika mabaya ya bosi ni gheba, kwa hiyo wananyamaza na kuita kunyamaza huko subira. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake, na ya mwanzo kabisa ni aliyedhulumiwa anayepeleka dhuluma yake kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Angalieni mpaka wake, lakini. Ni kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Meneja, afisa utumishi, Tume, hakimu. Kundi la wasapu la mashoga zetu halimo, na stetasi haimo. Na hata kwa hesabu ya dunia, kinachorushwa stetasi leo kesho kinasomwa mbele yako kama ushahidi kwamba wewe ndiye uliyeanza kumchafua mwenzako.

Sasa tuingie kwenye karatasi. Dada yetu alianza kazi Julai 2023. Msimamizi mpya alikuja mwishoni mwa Agosti 2024, na kuanzia katikati ya Septemba mambo yakaharibika. Kumkaripia mbele ya wateja, kumsimamisha pembeni ya kaunta kama mtoto wa shule, kumpigia simu saa nne usiku kumuuliza risiti ya asubuhi. Sehemu ya kazi katika rasimu yake ya mwanzo ilisema: "Ameniharibia kazi yangu na sina raha tena ya kufanya kazi." Tulimuuliza swali moja tu: kazi yako ilikuwaje kabla? Akajibu kwa fahari kwamba miezi 14 ya mwanzo hakupata shoti hata siku moja, na vitabu vya kufunga hesabu vipo dukani. Hapo ndipo maelezo yake yalipozaliwa. Mstari ule ukawa hivi:

"Kuanzia Julai 2023 mpaka Agosti 2024 nilifunga hesabu kila siku bila shoti, na vitabu vya kaunta vinaonyesha hivyo. Tangu tarehe 17 Septemba 2024, siku aliponikaripia mara ya kwanza mbele ya wateja, nimepata shoti mara tatu: shilingi 8,000, shilingi 15,000 na shilingi 40,000. Ile ya 40,000 ilionekana kesho yake kwenye ankara ya saruji ambayo haikuandikwa. Nahesabu fedha mara tatu au nne kwa sababu nasikia hatua zake nyuma yangu, na foleni inakuwa ndefu."

Wako watakaoshtuka kwamba ametaja shoti zake mwenyewe. Sisi tunaona ndiyo nguvu ya karatasi yake. Shoti zile msimamizi angezitoa yeye, kama sababu ya kumkaripia. Zikitoka kwanza kwenye mkono wa dada, na tarehe zikionyesha kwamba zimekuja baada ya makaripio wala si kabla, zinageuka kuwa ushahidi wake. Mpangilio wa tarehe ndio unaofanya kazi hapa. Anayesoma hahitaji kuambiwa nani mkosa, anaona kipi kilitangulia kipi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, chukua daftari uchore mstari wa nyakati. Upande mmoja matukio, upande wa pili kilichokufika. Usitegemee kumbukumbu. Pekua simu yako: ujumbe wa kumwambia mama "leo tena", miamala ya kulipia dawa, siku ulipomuomba mwenzako akushikie kaunta. Picha za ujumbe zihifadhi zikiwa na tarehe na namba vinavyoonekana, na ujumbe wenyewe usiufute kwenye simu hata kama umeupiga picha.

Kwenye afya ndipo karatasi nyingi zinapoharibika, na zinaharibika kwa njia moja: mtu anajipa ugonjwa. Dada yetu aliandika kwamba ana sonona na presha. Presha hakuwa nayo. Alipimwa Hospitali ya Magunga tarehe 20 Novemba 2024 akakutwa sawa, na karatasi inasema hivyo. Lingebaki neno lile, mwajiri angeitoa karatasi ya hospitali na kuuliza, kama amesema uongo hapa, wapi pengine? Kanuni yetu ni nyepesi. Jina la ugonjwa mwachie daktari, wewe andika unachokiona kwenye mwili wako. "Silali kabla ya saa nane usiku, siku nne au tano kwa wiki. Moyo unanienda mbio nikifika geti la duka. Nimeacha kula mchana nikiwa kazini." Kisha: "Tarehe 20 Novemba nilikwenda Hospitali ya Magunga, daktari akanipa mapumziko ya siku 3, karatasi imeambatanishwa."

Ukienda hospitali, mwambie daktari ukweli kwamba tatizo limeanza kazini na limeanza lini. Wengi wetu tunaona haya, tunasema tu "kichwa kinauma", na faili linaandikwa kichwa kinauma. Miezi mitatu baadaye unalitafuta neno kazi ndani ya faili lako hulioni. Na wala msiogope mapumziko ya daktari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi alete cheti cha daktari.

Kuna jambo jingine la afya ambalo dada hakutaka kuliandika. Oktoba ile bibi yake alikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza usiku. Aliona akilitaja ataambiwa usingizi umepotea kwa sababu ya bibi. Tulimshauri alitaje, tena waziwazi: "Oktoba nilimuuguza bibi yangu kwa wiki mbili na nilichoka. Lakini usingizi ulikuwa umenipotea tangu Septemba, na bibi alipopona haukurudi." Duka lenyewe liko Manundu, na Manundu hapana siri. Mgonjwa akilala nyumba hii, mpaka stendi wanajua. Sababu nyingine iliyopo kwenye maisha yako, ukiificha itatolewa na mpinzani wako kama vile amekukamata. Ukiitaja wewe na kuipa mipaka yake, inabaki ndogo kama ilivyo.

Tukaja kwenye mahusiano, na hapa tunaomba mabiharusi mtusikilize vizuri. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na ukurasa mzima wa ugomvi na mchumba: alisema nini, nikamjibu nini, mama mkwe mtarajiwa akasema maneno gani, nani alilia. Yote kweli, na karibu yote hayakuwa na kazi pale.

Karatasi hii itasomwa na unayemshtaki. Hilo wengi hawalijui. Malalamiko hayawezi kuamuliwa bila upande wa pili kuonyeshwa, na jambo likifika kwenye kusikilizwa, unaweza kuulizwa maswali juu ya kila mstari uliouandika, ukiwa umeshathibitisha kusema kweli. Kwa hiyo kila sentensi ya nyumbani ipitishwe kwenye swali hili: niko tayari mtu yule aisome na aniulize mbele ya watu? Kama jibu ni hapana, itoe. Sitara ya nyumba yako, na ya watu wa posa yako ambao hawakuomba kuingizwa kwenye kesi, ina haki pia.

Lakini kuweka sitara si kufuta athari. Inabaki ile sehemu inayoonekana kwa nje na inayoweza kuthibitishwa. Ukurasa ule ukawa aya moja:

"Akdi yangu ilipangwa kufungwa Ijumaa tarehe 10 Januari 2025. Tarehe 5 Novemba 2024 niliomba likizo ya siku 7 kwa barua. Msimamizi alinijibu mbele ya wafanyakazi wawili kwamba wanawake tukiolewa tunaleta mimba tu, na kama nataka harusi nikakae nyumbani. Barua haikujibiwa. Familia zetu mbili zimelazimika kusogeza akdi mpaka baada ya Idd. Zamani nilikuwa nikiwapigia wazazi wangu kila jioni, sasa hupita siku tatu au nne kwa sababu nikitoka kazini siwezi kuzungumza."

Barua ya likizo ipo. Tarehe mbili za akdi zipo, na wazee wanaweza kuulizwa. Ugomvi wa mchumba haumo, na hakuna aliyevuliwa nguo.

Ndani ya aya hiyo limo jambo la kisheria ambalo dada hakujua kama ameliandika. Kifungu cha 7 cha sheria ile ya 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi inayotajwa, ikiwemo dini, jinsia, mimba, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Na kifungu hichohicho kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi. Tena mfanyakazi akionyesha kwa kuanzia kwamba ubaguzi upo, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Bosi mkali anayemkaripia kila mtu ni tatizo moja. Bosi anayemkaripia huyu kwa sababu anaolewa, au kwa sababu ya mtandio wake, ni tatizo jingine lenye uzito wake kwenye sheria. Ndiyo maana tunasisitiza maneno yaandikwe kama yalivyosemwa. "Alinitukana kuhusu ndoa" haimwambii msomaji kitu. "Mkiolewa mnaleta mimba tu" inamwambia kila kitu. Haya isiwe kizuizi. Hata kama neno ni chafu, liandike lilivyo, ndani ya alama za kunukuu, na useme nani alikuwepo.

Muda nao haungoji. Dada alitaka kusubiri mpaka akdi ipite ndipo apeleke. Kwa Tanzania Bara, Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine, kuhesabu tangu mgogoro ulipozuka. Tukio lake la mwisho kubwa lilikuwa tarehe 12 Novemba 2024, siku alipoitwa mwizi mbele ya wateja kwa zile 40,000 zilizokuja kuonekana kesho yake. Siku 60 kutoka hapo zinaishia tarehe 11 Januari 2025, siku moja baada ya akdi ya mwanzo. Angesubiri harusi ipite angeamka na muda umekwisha, kisha aanze kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya kuchelewa. Na kumuandikia mwajiri barua si sababu ya kudhani hesabu ya siku imesimama.

Alipeleka barua kwa mwenye duka tarehe 3 Desemba, na maelezo ya athari ya kurasa mbili nyuma yake. Kurasa mbili zinatosha, na tunadhani ya tatu huwa inaandikwa na hasira. Mpaka mwisho wa mwezi hakujibiwa. Tarehe 8 Januari alipanda basi mpaka Tanga, ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akajaza fomu ya kuwasilisha mgogoro iitwayo CMA F.1 na kumpa mwajiri nakala yake. Karatasi zilezile mbili ndizo alizokwenda nazo kwenye usuluhishi. Msuluhishi hahukumu, anakaa na pande zote kutafuta makubaliano, na yanayosemwa mle ni ya mle, kwa hiyo walichokubaliana hatukiandiki hapa. Akdi ilifungwa Shawwal, walhamdulillah.

Wengi wametuuliza kwa nini hakuacha kazi tu. Jibu letu ni kwamba kuacha kazi kwanza na kushtaki baadaye kunaweza kukupunguzia haki. Sheria inamtambua mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, lakini kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Ukiondoka kimya Jumatatu na kuandika Ijumaa, swali la kwanza utakaloulizwa ni: ulimwambia nani? Kama kuna kushikwa mwili au kudaiwa ngono hapo pengine ni polisi, au Takukuru ikiwa ni rushwa ya ngono, na ukiwa na mashaka na usalama wako, ondoka kwanza, mengine yatafuata.

Karatasi hii haithibitishi kwamba tukio limetokea, na hilo dada wengi wanalichanganya. Uandike vizuri namna gani, kama msimamizi atakana na hakuna aliyesikia, maelezo ya athari hayatasimama peke yake kama shahidi. Yanaonyesha uzito wa jambo, na tarehe zake zinasaidia kuaminika. Wale wafanyakazi wawili waliosikia jibu la likizo ndio mashahidi. Waombe mapema, usiwalazimishe, na usiwaandikie maneno ya kusema. Ukitaka kujua kama karatasi yako iko tayari, mpe mtu asiyemjua bosi wako, aweke kidole kwenye kila sentensi na kuuliza "lini?" na "nani anajua?" Sentensi isiyo na jibu hata moja kati ya hayo mawili, iandike upya au ifute.

Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, namna ya kuandika ni hiyohiyo lakini sheria niliyo mkononi mwako siyo. Huku kwetu inatumika Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini namba 1 ya 2005, na migogoro inapokewa na Kitengo cha Kushughulikia Migogoro, kwa hiyo siku za kuwasilisha uziulize hukohuko mapema wala usichukue hesabu ya Korogwe. Na dada zetu walioajiriwa serikalini upande wa Bara, walimu na wauguzi, wao wanatakiwa wamalize kwanza ngazi za utumishi wa umma kabla ya kwenda Tume.

Mwisho kuna kosa dogo linaloumiza sana. Watu wanamkabidhi katibu muhtasi barua, wanashukuru, wanaondoka. Chapisha nakala mbili zenye viambatanisho vyote. Moja wanabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea, waandike tarehe na jina la aliyepokea, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga, mtume mtu wa pili awe shahidi, na jioni hiyohiyo utume picha ya barua kwa meneja kwa wasapu au barua pepe, ukisema umeiacha ofisini saa ngapi na kwa nani.